Siku Ambazo Chanzo Hakitoi Kitu

Kila siku ya kazi, jioni, Benki Kuu ya Ulaya yenye makao yake Frankfurt, Ujerumani, hutangaza viwango vya kubadilishia yuro kwa sarafu nyingine zipatazo 30. Benki kuu za Ulaya huwasiliana mnamo saa 8:10 mchana kwa saa za Ulaya ya Kati, zikakubaliana yuro moja ni sawa na dola ngapi, pauni ngapi, randi ngapi, kisha orodha huwekwa hadharani mnamo saa 10:00 jioni. Viwango hivyo ni vya kurejelea tu. Benki yenyewe haipendi vitumiwe kufanyia miamala. Hata hivyo wahasibu, watafiti, maduka ya mtandaoni na programu za simu duniani kote huvichukua kila siku, kwa sababu ni vya bure na viko katika faili moja fupi, `eurofxref-daily.xml`, ambayo kompyuta inaweza kuisoma bila msaada wa mtu.

Programu inayovichukua hufanya kazi kwa ratiba. Saa fulani ikifika, inaamka, inavuta faili, inaandika viwango katika hifadhidata, inalala. Kazi hiyo huitwa kusasisha, na siku za kawaida haina utata wowote. Utata huanza Jumamosi, Ijumaa Kuu au Krismasi, pale programu inapoamka kwa saa yake na kuikuta faili ileile ya jana au juzi. Katika mwaka 2024 wenye siku 366, siku zilizokuwa na viwango vipya zilikuwa 256. Siku 110 zilizobaki, karibu theluthi moja ya mwaka, hazikuwa na kiwango chochote kipya cha kuvuta.

Mtu angeweza kudhani kwamba kuvuta faili ya zamani hakuna madhara, maana kilichoandikwa jana kitaandikwa tena leo, basi. Madhara yapo, na chanzo chake ni tarehe. Ndani ya faili mna mstari unaotaja siku ambayo viwango ni vyake:

```
<Cube time='2024-03-28'>
```

Programu iliyoandikwa vizuri husoma mstari huo na kuhifadhi viwango kwa tarehe 28 Machi, hata kama faili imevutwa tarehe 30. Programu nyingi, hata hivyo, hupuuza mstari huo na kubandika tarehe ya siku ya kuvuta. Siku za kazi kosa hilo halionekani, kwa kuwa tarehe hizo mbili hulingana. Jumamosi ikifika, hifadhidata inapata kiwango cha Jumamosi ambacho hakuna benki iliyowahi kukitangaza. Jumapili kinaongezwa kingine. Mwisho wa mwezi anakuja mtu anayetafuta wastani, anajumlisha siku 31 na kugawanya kwa 31, naye hana habari kwamba baadhi ya viwango vimehesabiwa mara tatu au nne.

Machi 2024 inaonyesha ukubwa wa kasoro hiyo. Mwezi huo ulikuwa na viwango 20 vya kweli. Programu inayobandika tarehe ya kuvuta ingeonyesha 31. Kila kiwango cha Ijumaa kati ya Ijumaa nne za mwanzo kingehesabiwa mara tatu, na kile cha Alhamisi tarehe 28, siku ya mwisho kabla ya Pasaka, kingehesabiwa mara nne. Ikiwa yuro ilikuwa na nguvu siku hizo chache, wastani wa mwezi ungepanda bila sababu yoyote ya kiuchumi. Anayepima mtikisiko wa bei angedanganywa zaidi, maana siku 11 za uongo zenye badiliko la sifuri hufanya sarafu ionekane tulivu kuliko ilivyo.

Dawa ya kwanza, basi, haihusu sikukuu hata kidogo. Ni kutenganisha tarehe mbili: tarehe ya kiwango, inayosemwa na chanzo, na tarehe ya kuvuta, inayojulikana na programu. Zote mbili zihifadhiwe, kila moja katika safu yake, na ya kwanza ndiyo iwe ufunguo. Tarehe ya kiwango ikiwa imeshakuwamo na viwango ni vilevile, programu haiandiki kitu. Kwa mpangilio huo, kuvuta faili mara kumi Jumapili hakuharibu hifadhidata. Mtu anayehitaji kiwango cha Jumapili kwa ajili ya ankara apewe kile cha mwisho kilichotangazwa, pamoja na tarehe yake halisi. Hali hiyo ilitokea hasa mwishoni mwa robo ya kwanza ya 2024: tarehe 31 Machi ilikuwa Jumapili ya Pasaka, na kampuni zilizofunga hesabu zake siku hiyo kwa viwango vya benki hiyo zilitumia kiwango cha tarehe 28, dola 1.0811 kwa yuro moja. Kujaza pengo kwa namna hiyo ni sawa kabisa, mradi kufanyike wakati wa kusoma data na si wakati wa kuihifadhi. Pengo lililojazwa ndani ya hifadhidata haliwezi tena kutofautishwa na kiwango cha kweli.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la kuruka. Wengi huanza na kanuni fupi: programu iamke Jumatatu hadi Ijumaa tu. Katika kipanga ratiba cha kompyuta za Linaksi, kiitwacho `cron`, kanuni hiyo huandikwa hivi:

```
CRON_TZ=Europe/Berlin
15 16 * * 1-5 /opt/viwango/vuta.sh
```

Mstari wa pili unasema: dakika ya 15 baada ya saa 10 jioni, siku ya kwanza hadi ya tano ya juma, yaani Jumatatu hadi Ijumaa. Mstari wa kwanza ni muhimu kuliko unavyoonekana, na hautambuliwi na kila aina ya kipanga ratiba. Unaiambia kompyuta isome saa za Ujerumani popote ilipo. Seva iliyoko Nairobi au Dar es Salaam ikiachwa isome saa za kwake, ratiba itapotoka mara mbili kwa mwaka. Kati ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 10 jioni ya Frankfurt ni saa 12 jioni ya Afrika Mashariki. Miezi mingine, Ulaya ikiwa imesogeza saa mbele, ni saa 11 jioni. Anayeweka ratiba yake saa 11:15 mwezi Julai atavuta vizuri hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha atapata kiwango cha jana kila siku, majira yote ya baridi ya Ulaya, bila programu kulalamika hata mara moja.

Kuruka wikiendi kwa kanuni ya `1-5` kunafaa kwa Frankfurt kwa sababu wikiendi ya Frankfurt ni Jumamosi na Jumapili. Kwa chanzo kilichoko Maskati kanuni hiyo ni kosa. Omani ilihamishia mapumziko yake Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, hivyo ofisi zake hufanya kazi Jumapili, na kanuni inayofaa huko ni `0-4`. Falme za Kiarabu zilihama tena mwaka 2022 na kushika Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku kwa watumishi wa serikali. Anayevuta taarifa za nchi hizo mbili zinazopakana anahitaji ratiba mbili, na akumbuke kwamba wikiendi yenyewe inaweza kubadilishwa kwa amri.

Sikukuu ni ngumu kuliko wikiendi, na kosa la kawaida hapa ni kuchukua kalenda isiyo yake. Mhandisi aliyeko Mombasa hutia kalenda ya Kenya kwa sababu ndiyo anayoishi nayo. Aliye makini zaidi hutia kalenda ya Ujerumani, kwa kuwa benki iko Ujerumani. Zote mbili si sahihi. Benki Kuu ya Ulaya hufuata kalenda ya mfumo wa malipo wa mabenki ya Ulaya uitwao TARGET, ambao tangu 2002 hufungwa siku sita tu kwa mwaka mbali na wikiendi: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, tarehe 25 Desemba na tarehe 26 Desemba. Tarehe 3 Oktoba, Siku ya Muungano wa Ujerumani, maduka ya Frankfurt hufungwa lakini viwango hutoka kama kawaida. Kadhalika Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana.

Kalenda hiyo ina tabia mbili zinazowapotosha watu. Kwanza, sikukuu ikiangukia wikiendi haihamishwi. Mwaka Mpya wa 2023 ulikuwa Jumapili. Sheria ya sikukuu ya Kenya husema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata huwa ya mapumziko, kwa hiyo Jumatatu tarehe 2 Januari ilikuwa ya mapumziko nchini humo. Frankfurt viwango vilitangazwa Jumatatu hiyohiyo. Programu iliyojengwa juu ya desturi ya kuhamisha ingekosa kiwango cha kwanza cha mwaka. Pili, Pasaka inayohesabiwa ni ya Kanisa la Magharibi, ingawa Ugiriki na Kupro, zinazotumia yuro, zina waumini wengi wa Kiothodoksi ambao mwaka 2024 waliisherehekea tarehe 5 Mei. Maktaba za programu zinazokokotoa Pasaka huwa na chaguo zote mbili, na lazima mtu aangalie amechagua ipi.

Juma moja la Mei 2024 linaonyesha kwa nini kila chanzo kinahitaji kalenda yake. Shilingi ya Kenya haimo katika orodha ya Frankfurt, wala ya Tanzania, kwa hiyo anayetaka kuona shilingi kando ya yuro huvuta kutoka sehemu mbili, Frankfurt na benki kuu ya nchi yake. Alhamisi tarehe 9 Mei ilikuwa Kupaa kwa Bwana, sikukuu Ujerumani, lakini viwango vya yuro vilitoka. Ijumaa tarehe 10 Mei vilitoka tena, ila Kenya ilikuwa mapumzikoni: Rais alikuwa ametangaza, siku mbili tu kabla, sikukuu ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti. Programu yenye kalenda moja kwa vyanzo vyote ingekosea angalau siku moja kati ya hizo mbili, upande wowote ambao kalenda hiyo ingeegemea. Tena hakuna kalenda iliyochapishwa Januari ambayo ingekuwa na tarehe 10 Mei ndani yake.

Siku kama hiyo ndiyo inayofichua udhaifu wa wazo zima la kuruka. Kalenda ni utabiri. Inasema chanzo kinatarajiwa kunyamaza siku fulani, na utabiri unaweza kukosea pande zote mbili: serikali inaweza kuongeza sikukuu ghafla, na chanzo kinaweza kutoa kitu siku iliyodhaniwa ya mapumziko, hasa masahihisho. Programu ikikatazwa kabisa kuamka siku ya sikukuu, inafumba macho kwa kutegemea utabiri. Ni salama zaidi kalenda ipewe kazi nyingine: iamue lini watu wapewe onyo, wala isiamue lini mlango ufungwe. Siku ya sikukuu programu ivute mara moja badala ya mara nyingi, isiandike chochote ikikuta tarehe ileile, isimwamshe mtu yeyote, na ikikuta kitu kipya ikipokee.

Gharama ya kuvuta huko mara moja ni ndogo mno kwa faili ya ukubwa huu, na inaweza kupunguzwa zaidi. Seva nyingi huelewa ombi lenye masharti, ambapo programu hutuma pamoja na ombi lake kichwa cha `If-Modified-Since` chenye tarehe ya faili iliyo nayo. Kama faili haijabadilika, seva hujibu `304` bila kutuma kitu. Njia hii ipunguze safari tu, isitumiwe kuthibitisha kwamba data ni mpya. Seva inaweza kuandika upya faili yenye maudhui yaleyale, na tarehe ya faili ikabadilika bila kiwango hata kimoja kubadilika. Mambo ni tofauti pale chanzo kinapotoza ada kwa kila ombi, au usasishaji unapoanzisha hesabu nzito za saa nyingi kwenye seva ya kukodi. Hapo kuruka kabisa kuna maana, na hatua nyepesi ya kuangalia tarehe inapaswa kutangulia hatua nzito ya kukokotoa, ili hesabu zianze pale tu tarehe inapokuwa mpya.

Suala la maonyo linastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndilo linalowasumbua zaidi watu wanaohudumia mifumo hii, na ndilo linalotatuliwa vibaya mara nyingi. Mfano mzuri ni Pasaka hiyohiyo ya 2024.

Alhamisi tarehe 28 Machi, saa 12 jioni ya Afrika Mashariki, viwango vilitoka. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29, Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili, na kati yake, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31, Ulaya ilisogeza saa zake mbele. Viwango vilivyofuata vilitoka Jumanne tarehe 2 Aprili, saa 11 jioni ya Afrika Mashariki. Toka kiwango kimoja hadi kingine zilipita saa 119. Siku za kazi pengo ni saa 24, na wikiendi ya kawaida ni saa 72.

Sasa tuseme mfumo umewekewa onyo la kupima umri wa data kwa saa: kiwango cha mwisho kikizidi saa 30, mtu atumiwe ujumbe. Onyo hilo hulia kila wikiendi, usiku wa Jumamosi, bila tatizo lolote kuwapo. Baada ya wikiendi chache, wahusika huchoka, wanalipanua hadi saa 80. Wikiendi zinapita kimya. Pasaka inafika, onyo linalia saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu, mtu anaamka, anaangalia, anakuta kila kitu ni sawa. Onyo linapanuliwa tena, hadi saa 125, na hapo halitalia tena kwa Pasaka yoyote. Lakini siku moja ya Jumanne ya Julai, programu inakwama kweli, labda anwani ya faili imebadilishwa au cheti cha usalama kimeisha muda. Kiwango cha mwisho ni cha Jumatatu saa 11 jioni. Onyo la saa 125 litasubiri hadi Jumamosi saa 4 usiku. Siku nne za kazi, Jumanne hadi Ijumaa, watumiaji wote watakuwa wamepewa kiwango cha Jumatatu wakidhani ni cha siku hiyo.

Hakuna idadi ya saa inayoweza kuwa sahihi kwa Jumanne ya kawaida na kwa Pasaka kwa wakati mmoja. Kipimo chenyewe ndicho kilichokosewa. Umri wa data ya chanzo kinachopumzika hauhesabiwi kwa saa bali kwa siku ambazo chanzo kilitarajiwa kutoa. Kila wakati programu inajiuliza: ni siku gani ya mwisho ya kutangaza ambayo saa yake, pamoja na muda wa kungojea, imeshapita? Siku hiyo ndiyo tarehe inayotarajiwa. Kisha inalinganisha tarehe hiyo na ile iliyomo katika hifadhidata. Zikilingana, data ni mpya, hata ikiwa na saa 118. Iliyomo ikiwa nyuma, kuna tatizo, hata ikiwa na saa 26 tu.

Kwa kipimo hicho, Pasaka ile ingekwenda hivi. Alhamisi baada ya kuvuta, tarehe inayotarajiwa ni 28 Machi, iliyomo ni 28 Machi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu tarehe inayotarajiwa inabaki 28 Machi, kwa kuwa hakuna siku ya kutangaza iliyopita. Programu inaamka mara moja kila siku, inakuta tarehe ileile, inalala. Jumanne mchana bado ni 28. Jumanne saa 10:15 jioni kwa saa za Frankfurt, programu inavuta kwa mara ya kwanza. Ikikuta bado 28, inarudia kila baada ya dakika 15, kwa sababu saa 10 ni makadirio na faili huweza kuchelewa. Muda wa kungojea ukiwa saa moja na nusu, tarehe inayotarajiwa inageuka kuwa 2 Aprili saa 11:30 jioni. Kama wakati huo faili bado ni ya 28, onyo linatumwa, na linatumwa kwa haki. Na Jumanne ya Julai ingegunduliwa jioni hiyohiyo, badala ya Jumamosi.

Muda wa kungojea haupaswi kukisiwa. Programu ihifadhi, kwa kila siku, saa ambayo kiwango kipya kilionekana kwa mara ya kwanza. Baada ya miezi michache rekodi hiyo inaonyesha chanzo huchelewa kiasi gani kwa kawaida, na muda unawekwa juu kidogo ya hapo. Rekodi hiyohiyo hufichua mabadiliko ya desturi. Hadi katikati ya 2016 viwango hivi vilikuwa vikitoka mapema zaidi mchana, kisha saa ikasogezwa hadi 10 jioni. Aliyekuwa na ratiba ya zamani bila rekodi angebaki nyuma siku moja kila siku, na data yake ingeendelea kuonekana nzuri.

Zipo pia siku ambazo hata mwenye chanzo hajui mapema kama atafungua. Idi ndiyo mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa pwani na Ghuba. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na uamuzi hutegemea mwezi kuonekana, hivyo sikukuu hujulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nchi jirani huweza kutofautiana: mwaka 2023 Saudi Arabia ilisali Idi el-Fitri Ijumaa tarehe 21 Aprili, Omani Jumamosi tarehe 22. Kalenda yenye majibu mawili tu, chanzo kinatoa au hakitoi, inalazimika kubahatisha hapa. Afadhali iwe na jibu la tatu: huenda. Kwa siku ya huenda programu inavuta kama siku ya kazi, lakini ukimya hauhesabiwi kuwa kosa hadi siku ya uhakika inayofuata ipite. Hasara yake ni kwamba hitilafu ya kweli ikitokea siku hizo itachelewa kugunduliwa kwa siku moja au mbili, na hasara hiyo inavumilika kuliko kumwamsha mtu usiku wa Idi bure. Sikukuu za ghafla, kama ile ya tarehe 10 Mei, hazina dawa ya mapema. Onyo litatumwa mara moja, mhusika ataongeza tarehe hiyo katika kalenda, na umri wa data utahesabiwa upya papo hapo.

Kalenda yenyewe huharibika polepole, na huharibika kimya. Orodha ya sikukuu huandikwa kwa mkono ya mwaka mmoja au miwili, aliyeiandika akahamia kazi nyingine, na ukifika mwaka ambao haumo, programu huchukulia kuwa hakuna sikukuu. Dalili yake ni onyo la Ijumaa Kuu baada ya miaka kadhaa ya utulivu. Kalenda ya TARGET inaweza kukokotolewa kwa kanuni na haihitaji orodha, ila zinazotegemea tangazo la serikali lazima ziandikwe. Kwa hizo, programu ikague kila siku tarehe ya mwisho iliyomo katika orodha, na itoe taarifa ikibaki chini ya miezi miwili. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa kuwa halilii: siku ya kazi iliyoandikwa kimakosa kuwa sikukuu. Hiyo hugunduliwa kwa urahisi katika mfumo unaovuta hata siku za mapumziko, maana kiwango kipya kitaingia siku ambayo kalenda ilisema hakitakuja, na programu inapaswa kuandika tukio hilo ili mtu aikague orodha. Mfumo unaoruka kabisa hauwezi kamwe kujua.

Linabaki suala la siku ya kurudi. Faili ya kila siku hubeba siku moja tu ya mwisho, hivyo siku yoyote iliyokosekana, kwa hitilafu au kwa kuruka kusikostahili, hairudi kupitia faili hiyo. Frankfurt hutoa faili ya pili, `eurofxref-hist-90d.xml`, yenye viwango vya siku 90 zilizopita. Siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko marefu, inafaa kuvuta hiyo badala ya ile fupi, na kuilinganisha na hifadhidata tarehe kwa tarehe. Tarehe iliyoko huko na haimo ndani inaongezwa. Kiwango kinachotofautiana ni sahihisho, nacho kinaandikwa bila kufuta cha zamani, ili aliyetumia cha zamani aweze kuonyeshwa alichotumia. Tarehe iliyomo ndani na haiko huko ndiyo ya kutazamwa kwa makini: mara nyingi ni Jumamosi, Jumapili au Ijumaa Kuu iliyoingizwa na programu ya zamani iliyobandika tarehe ya kuvuta, na inapaswa kuondolewa kabla haijaingia katika wastani wa mtu.

Mwaka 2027 Pasaka itakuwa tarehe 28 Machi, ambayo pia ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Siku nne za mapumziko na kusogezwa kwa saa vitakutana tena kama mwaka 2024: viwango vya Alhamisi tarehe 25 Machi vitatarajiwa saa 12 jioni ya Afrika Mashariki, na vya Jumanne tarehe 30 Machi saa 11 jioni. Mfumo unaweza kujaribiwa leo kwa kuidanganya saa ya kompyuta ya majaribio ipite siku hizo sita, na kuangalia mambo matatu: kwamba hakuna onyo lililotumwa kati ya Ijumaa na Jumatatu, kwamba hakuna tarehe mpya iliyoingia katika hifadhidata siku hizo, na kwamba Jumanne, faili ikizuiwa kwa makusudi, onyo linatumwa jioni hiyohiyo.